Uache Uende

Mume wangu alipoacha kunipigia simu kuniuliza kama nimefika kazini salama, nilijua moja kwa moja kwamba kuna mwanamke.

Najua utaniona nimerukwa na akili. Wenzangu wanalia waume zao hawapigi simu, mimi nalia wangu ameacha. Lakini humjui mume wangu. Mtaani wanamwita Bwana Kitasa, kwa sababu akishafunga mlango hukivuta kitasa, akishuka ngazi hurudi kukivuta tena, na akifika barabarani hugeuka kuuangalia mlango ule utadhani umemtukana. Ni fundi umeme, tena fundi hasa. Watu wanamgombania kwa kuwa nyumba aliyoipitisha nyaya yeye haijawahi kuunguza hata balbu kizembe. Wasiwasi wake ndio unaotupa ugali, sikatai. Ila mtu akirudi na wasiwasi huo huo nyumbani, anayepigwa shoti ni mke.

Miaka yote ya ndoa yetu ilikuwa simu. "Umefika?" Nimefika. "Umefika kabisa, au uko mlangoni?" Niko mlangoni, baba, naingia. "Jiko ulizima?" Nilizima. "Una hakika?" Baadaye: "Mbona sauti yako iko hivyo?" Sauti yangu iko hivyo kwa sababu niko kwenye mvuke, nafua shuka za hoteli nzima, na mashine ya kukamua inanguruma kama inajifungua. Msimamizi wetu alikuwa akisikia simu yangu inalia anasema, "Pokea, serikali inapiga." Wenzangu wanacheka, nami nacheka nao huku moyo unachemka.

Kisha simu zikakatika. Si kwamba zilipungua kidogo kidogo, la. Zilikatika kama maji ya bomba.

Siku za kwanza nilistarehe, nisiwe mnafiki. Nilipiga pasi foronya huku naimba. Nikirudi nyumbani namkuta ameketi, haulizi nimepita njia gani wala nimeongozana na nani. Ananisalimia, anakula, anaosha sahani yake, analala. Akiondoka asubuhi hukivuta kitasa mara moja tu, kisha husimama kidogo kama anayemeza kitu kichungu, halafu huyo, anakwenda zake bila kugeuka.

Hapo ndipo starehe ikaanza kuninukia vibaya. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mtu aliyekuhesabia kila hatua hawezi tu kuamka akawa hajali umefia wapi. Nilijaribu kumpima. Nikachelewa kurudi makusudi, nikazunguka sokoni mpaka wauza mboga wakaanza kufunga meza zao. Nilipoingia ndani alinyanyua macho, akafungua mdomo, akaufunga. "Karibu," akasema. Karibu! Kama vile mimi ni mgeni aliyekuja kusoma mita.

Nikampelekea dada yangu kesi. Dada yangu amenizidi umri na mdomo, na kwa habari za wanaume hakosi jibu.

"Mdogo wangu," akaniambia, huku anachambua mchele, "mwanamume akiacha kuuliza, ujue amepata jibu kwingine."

"Labda amechoka tu, dada."

"Amechoka na nini? Wasiwasi hauchoshi, wasiwasi ndio kazi yake. Mtu haachi kazi kabla ya kupata nyingine."

Alikuwa amelisema lile nililokuwa naliogopa, na akalisema kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya nyanya.

"Chumba cha nyuma kiko wazi," akaendelea. "Usimfokee, usimwulize. Ukimwuliza atakuficha vizuri zaidi. Chunguza. Ukishamwona kwa macho yako, fungasha, uje."

Tukakubaliana hivyo. Nilibeba nguo zangu nzuri kidogo kidogo, nikiziweka kwa dada kwa kisingizio cha kwenda kuzipunguza. Moyoni nilikuwa nimeshakata shauri: nikimwona huyo mwanamke, ndoa imekwisha siku hiyo hiyo. Sitapiga kelele. Nitaondoka na heshima yangu iliyobaki.

Sasa, mimi ni dobi. Mke mwingine atapekua simu, mimi napekua kola. Shati likifika mikononi mwangu linasema lilikolala, lilichokula na nani aliliegemea. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo ndiyo shule niliyosoma. Nikaanza kuzisoma za mume wangu. Jasho lake nalijua. Vumbi la ukuta uliotobolewa nalijua. Lakini kila Jumatano shati lilikuja na harufu ya tatu, kali na baridi: ile dawa ya spiriti ya kupaka mikononi. Fundi umeme hajipaki spiriti, anataka kuwaka? Juma lililofuata nikakuta doa la kijani kwenye ncha ya mkono wa shati. Nikalisugua kwa sabuni, likakaa. Nikalijaribu kwa ndimu, likakaa. Doa la namna hiyo nilishawahi kuliondoa kwenye vitambaa vya meza vya ukumbi wa mikutano pale hotelini. Ni wino wa kalamu za ubaoni.

Mwalimu, nikajiambia. Amepata mwalimu. Mwanamke msafi, wa kujipaka dawa mikononi, mwenye kalamu za rangi na maneno ya kitabuni. Mimi nanuka jiki. Basi nikamchukia huyo mwalimu kwa moyo wangu wote, nikampa na sura kabisa, na sauti nyembamba, na viatu visivyotoa mlio.

Karatasi ndiyo iliyonimaliza. Nilikuwa nimeloweka ovaroli lake, nikatia mkono mfukoni kutoa misumari kama ilivyo kawaida yangu, nikashika kitu laini. Ilikuwa karatasi iliyokunjwa mara nyingi, imeshalewa maji. Niliifungua kwa uangalifu wa mtu anayekunjua hariri, lakini ikanikatikia vidoleni. Sehemu ya juu ikawa uji. Kilichobaki ni vipande vya chini, vimeandikwa kwa mwandiko wa mviringo, mwandiko wa kike, sina shaka. Kimoja kilisema SASA? Kingine kilisema BAADAYE? Na chini yake, kwa herufi kubwa, maneno yaliyopigiwa mstari: UACHE UENDE.

Niliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Hebu soma mwenyewe uniambie ungeelewa nini. Mwanamke anamwuliza mume wa mtu: sasa, au baadaye? Anamharakisha. Kisha anatoa amri: uache, uende. Amwache nani, kama si mimi? Aende wapi, kama si kwake? Nikavianika vile vipande dirishani kama ushahidi, nikavitazama vikikauka, na nikalia kilio kimoja kirefu cha hasira. Mume wangu aliponiona macho mekundu jioni ile alisimama mlangoni, akashusha begi la vyombo vya kazi. Nilimwona anataka kuuliza. Midomo ilicheza. Halafu akapita kwenda kunawa.

Basi hapo nikasema, kwisha habari.

Jumatano iliyofuata niliomba ruhusa kwa msimamizi, nikamwambia naumwa, na uongo wenyewe haukuwa mkubwa. Nilijitanda khanga ya jirani ambayo mume wangu haijui, nikamfuata kwa mbali. Alitembea haraka, begi begani. Mara mbili alisimama ghafla katikati ya njia, na mimi nikajibanza, mara nyuma ya gari la mchanga, mara mlangoni kwa fundi viatu. Nilidhani amenihisi. Kumbe hakugeuka hata. Alisimama tu, akavuta pumzi, akaendelea. Nikasema moyoni, dhamiri inamsuta, na bado.

Hakuingia shuleni. Aliingia kituo cha afya.

Ni kile kituo chetu cha kawaida, cha kuta za rangi mbili, ambako nilipeleka kidole changu kilipobanwa na mashine. Alipita foleni ya kina mama wenye watoto, akapita dirisha la dawa, akatia mikono chini ya chupa iliyotundikwa ukutani, akajipaka spiriti. Harufu ikanijia nilipokuwa nimesimama. Kisha akaenda mpaka mlango wa mwisho. Mlango ukafunguliwa na mwanamke wa makamo, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, akamchekea kwa furaha.

"Leo umewahi," akamwambia. "Ingia, ingia."

Mlango ukafungwa. Juu yake kulikuwa na kibao: USHAURI.

Nikajiambia, ahaa, siku hizi wanaita ushauri. Nilikaa kwenye benchi. Lisemwalo lipo, na hili lilikuwa mbele yangu lina kitasa. Nilipaswa kuondoka. Ndivyo tulivyopatana na dada: nikimwona, nafungasha. Lakini kutoka ndani nikasikia sauti ya mume wangu akisoma polepole, kama mtoto anayesomea mtihani: "...uache... uende." Na sauti ya yule mwanamke: "Vizuri sana!"

Miguu ilisimama bila kuniuliza. Sikubisha hodi.

Walikuwa mbali mbali. Hilo nililiona kwanza, na liliniudhi, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kwa picha nyingine. Yule mama alikuwa nyuma ya meza. Mume wangu alikuwa amesimama mbele ya ubao mweupe, kalamu ya kijani mkononi, ncha ya mkono wa shati lake inafagia wino. Ubaoni kulikuwa na mti. Shina, matawi, visanduku, na kwenye visanduku maneno.

"Haya," nikasema. "Karatasi nimeisoma, na sasa nimesikia. Nani amwache nani, na aende wapi?"

Mume wangu aliishusha kalamu. Uso wake ulibadilika rangi. "Mke wangu," akasema, sijui kwangu au kwa yule mama.

Yule mama hakushtuka. Alisimama, akanisogezea kiti, lakini kabla sijakaa akamgeukia yeye. "Hiki ni chumba chako leo. Yanayosemwa humu ni yako. Ukitaka akae, atakaa. Ukitaka asubiri nje, nitamwomba asubiri, na sitamweleza lolote."

Nilitaka kumjibu vibaya. Mume wangu, ambaye kwa kawaida hawezi kuamua hata habari ya chumvi bila kurudiarudia, akasema mara moja, "Akae."

Nikakaa, kwa shingo upande.

"Mimi ni mshauri wa afya ya akili," yule mama akaniambia. "Nisikilize kwanza, halafu utanigombeza. Naona umesoma karatasi."

"Nimesoma. SASA? BAADAYE? UACHE UENDE. Mwandiko wako?"

"Wangu. Na sehemu ya juu je?"

"Ilikuwa uji. Ilikuwa mfukoni, nikailoweka."

Wakatazamana, na nikaona yule mama anauma mdomo asicheke. Akaenda ubaoni, akaweka kidole kwenye shina. Pale pameandikwa: NINA WASIWASI GANI HASA?

"Huu unaitwa mti wa wasiwasi," akasema. "Unaanzia hapa. Mtu anautaja wasiwasi wake kwa jina, usibaki ukungu. Kisha anajiuliza swali moja: kuna kitu ninachoweza kukifanya? Kama hakuna, anafuata tawi hili." Kidole kikashuka. "Uache uende. Wasiwasi huo. Anaugeuzia mgongo, anapeleka mawazo kwenye jambo jingine. Kama kipo cha kufanya, anaandika ni nini, atakifanyaje, na lini. Kama kinawezekana sasa, anakifanya sasa. Kama ni cha baadaye, anapanga siku. Na akishafanya, au akishapanga, hapa pia, na hapa pia..."

Kila tawi lilikuwa limeishia kwenye maneno yale yale.

"Wasiwasi ndio uachwe uende," akamaliza. "Si mke."

"Mbona hukuandika 'wasiwasi', ukaandika tu uache uende?"

Akautazama ubao wake kana kwamba anauona mara ya kwanza. "Nafasi ilikuwa ndogo," akasema.

Nafasi ilikuwa ndogo! Nguo zangu zimelala kwa dada kwa sababu nafasi ilikuwa ndogo. Nilitamani kumtia kwenye mashine ya kukamua, yeye na visanduku vyake.

Nikamgeukia mume wangu. "Na wewe kwa nini ulinificha?"

"Wangesema nina wazimu," akasema. "Na wewe... nilikuwa nimeshakuchosha vya kutosha. Sikutaka kukuletea na hili."

Jibu lilikuwa zuri, na sikuliamini. Samahani, lakini ukishalala na shaka kwa wiki nyingi, haiondoki kitandani kwa kuambiwa tu sogea. Mtu anaweza kwenda kwa mshauri na bado akawa na mwalimu wake mahali. Nikamwambia yule mama wazi: "Mimi bado nina wasiwasi naye."

"Wasiwasi gani hasa?" akauliza. Kidole chake kilikuwa bado kwenye shina.

"Usinifanyie mimi mti wako."

"Sawa. Nimeuliza tu."

Nilitazama dirisha. Nilitaka kusema: wasiwasi kwamba ana mwanamke. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, nimeyatafuna siku nyingi. Lakini pale mbele ya ubao yalionekana kama kifuniko tu, na chini yake kulikuwa na kitu kingine nisichotaka kukifunua.

"Kwamba hanitaki tena," nikasema.

Huko nje mtoto alikuwa analia sindano.

"Na kuna kitu unachoweza kukifanya?" yule mama akauliza taratibu.

"Nimeshafanya. Nimenusa mashati. Nimesugua madoa. Nimemfuata mpaka hapa kwa khanga ya watu."

"Vikakusaidia?"

"Kila nikinusa nataka kunusa tena."

"Ndivyo wasiwasi ulivyo. Hayo ni kuulisha. Wasiwasi ukiulisha leo, kesho unarudi na njaa zaidi. Mumeo alikuwa akiulisha kwa simu, wewe umekuwa ukiulisha kwa mashati. Nauliza kitu cha kuutatua. Umewahi kumwuliza mwenyewe?"

Nilifikiria chumba cha nyuma cha dada yangu. Usimwulize, atakuficha vizuri zaidi. "Hapana," nikasema.

"Ungemwuliza lini?"

Mwerevu, yule mama. Mtu mwenyewe alikuwa amesimama hapo hapo, kalamu mkononi. Singeweza kusema baadaye bila kuonekana mwoga, nami si mwoga, ni mkali tu.

Nikamtazama mume wangu. Nilidhani nitafoka. Sauti ilitoka ndogo, hata mimi niliionea aibu. "Hunitaki tena?"

Alikaa chini. Aliiweka kalamu mezani, akaisogeza ikae sawa na ukingo wa meza, akaisogeza tena. Halafu akaiacha.

"Nilikusikia," akasema. "Unaongea na dada yako kwenye simu, jikoni. Nilikuwa nje ya mlango, najaribu kitasa. Ukasema huyu mtu ataniua kwa maswali. Ukasema iko siku nitafungasha niende, nisimwachie hata namba."

Ni kweli, nilisema. Nilisema siku ile alipopiga simu mpaka msimamizi akaniita ofisini, na ningelisema tena. Sikujua tu kwamba mlango ulikuwa na masikio ya mwenye nyumba.

"Siku iliyofuata nikaja hapa," akaendelea. "Tukachora mti. Wasiwasi gani hasa? Mke wangu ataniacha. Kuna cha kufanya? Nikasema kipo. Nini? Nisimsumbue. Nisimpigie, nisimwulize. Lini? Sasa." Akanyanyua macho. "Nimejitahidi. Mkono unakwenda kwenye simu wenyewe. Siku ile ulipochelewa nilidhani kifua kitapasuka. Ulipokuwa na macho mekundu niliuma ulimi. Nilisema, nikiuliza tu, atafungasha."

Mungu wangu. Kumbe kila siku niliyohesabu kwamba hanijali alikuwa anapigana vita, na vita vyenyewe vilikuwa vya kunibakiza. Na kila alivyozidi kushinda, mimi nilizidi kuhamisha nguo.

Sikumwambia habari ya nguo kwa wakati ule. Aliziona mwenyewe machoni mwangu, nadhani, maana aliuliza, "Umeshaanza kuondoka?"

"Nimeanza," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Hakulia, hakufoka. Mtu aliyeogopa jambo miaka yote, likaja, likamkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki.

Yule mama alivaa miwani. "Ile ya kuacha simu niliikubali, na ilikuwa sawa," akamwambia. "Ulipiga ili moyo wako utulie, na haukutulia. Lakini hatukuandika uache kumsemesha. Na nilipaswa kukuuliza jambo hili siku ile, sikukuuliza: ulijuaje kwamba kunyamaza ndiko kutakakomfanya abaki?"

"Nilibahatisha."

"Basi ile 'nini' haijajazwa bado." Akamsogezea kalamu. "Mwenye jibu yuko hapa."

Mume wangu hakuichukua kalamu. Alijigeuza na kiti chake mpaka magoti yetu yakakaribiana. Nilijua swali litakalokuja: utaniacha? Nilijua pia sina jibu lake. Kama angeniuliza lile ningesimama nikaenda, maana nimeshalijibu kwa namna zote, kwa umefika na umefunga na uko na nani, miaka nenda miaka rudi.

"Nifanye nini," akasema, "ubaki?"

Sikuwa nimejiandaa. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, hata dada yangu, hasa dada yangu. Nilitafuta kitu kikubwa cha kudai, kwa sababu nilikuwa na hasira na nilistahili kikubwa. Sikukipata. Nilichokipata kilikuwa kidogo hata nikaona haya kukitaja.

"Umeniuliza nimefika wapi," nikasema. "Umeniuliza jiko, mlango, njia, sauti. Kila siku. Hujawahi kuniuliza nimeshindaje ukangoja jibu."

Watu wote wa dunia yetu huulizana hivyo wakipishana njiani, na wote hujibu salama, hata aliyetoka kuzika. Ni neno lisilogharimu kitu. Yeye alilishika kama anashika waya asiojua kama una umeme.

"Umeshindaje?" akasema.

Nikafungua mdomo kusema salama. Salama ilikuwa hapo hapo, kwenye ncha ya ulimi, imezoea njia.

"Vibaya," nikasema. "Vibaya sana. Tena si leo tu."

Akasubiri.